Namba Iliyoharibu Wastani

Geneviève alifundisha hesabu katika shule moja ya mtaa wa Saio, mjini Bunia, darasa la nane, na kwa miaka mitatu hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akicheka wala akikasirika. Watoto walimzoea hivyo. Aliingia, akapangusa ubao, akaandika tarehe, akaanza. Aliyekosa alisahihishwa kwa sauti ile ile aliyosifiwa nayo aliyepata.

Alikuwa ametoka upande wa Djugu. Siku kijiji chao kilipochomwa, alikimbia na mtoto wake wa pekee, Adrien, na mtoto akafia njiani kwa homa, siku moja kabla hawajafika Bunia. Yeye na wakimbizi wenzake wakamzika kando ya barabara, wakaendelea kutembea. Geneviève hakulia siku ile, akadhani atalia kesho yake. Kesho ikapita, na nyingine, na nyingine. Tangu hapo moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: ukiuangalia upo, ukiukanyagia husikii kitu. Sasa alikaa mtaa wa Nyakasanza kwa dada yake Dorothée, akipika akiambiwa apike, akilala ikifika saa ya kulala.

Wazo la kuunganisha masomo lilikuwa la Mbusa, mwalimu wa mazoezi ya mwili. Alilalamika kwamba watoto wanachukulia saa yake kama mchezo, na wengine wanatoroka. Akasema wakipima wenyewe, kisha wakipigia hesabu vipimo vyao, watajua kwamba uwanjani nako ni darasa. Direkta, mkuu wa shule, alikubali. Geneviève naye alikubali, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kukataa.

Jumanne wakapewa saa mbili mfululizo. Shule haikuwa na utepe mrefu wa kupimia, kwa hiyo Geneviève aliazima utepe wa fundi cherehani, akapima kamba ya mita kumi na kufunga fundo kila mita. Vikundi vitatu vikapima urefu wa uwanja kwa zamu. Cha kwanza kilipata mita themanini na tisa, cha pili tisini na moja, cha tatu tisini kamili, na ugomvi ukazuka mara moja. Geneviève aliwaonyesha kwamba kamba ya nailoni ikivutwa kwa nguvu inarefuka, ikilegea inapinda, na ndiyo maana mtu hapimi mara moja akaondoka. Wakachukua wastani, tisini. Upana ukawa sitini. Mzunguko mzima, mita mia tatu.

Kabla ya kukimbia aliwakalisha kwenye majani dakika tano, kisha akawafundisha kushika mapigo ya moyo: vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba. Kidole gumba chenyewe hakitumiki, alisema, kwa sababu nacho kina mapigo yake, kitakudanganya. Mbusa alishika simu iliyokuwa na kronometa, saa ya kuhesabu sekunde. Yeye akisema anza, wanahesabu. Baada ya sekunde kumi na tano anasema simama, wanaandika, wanazidisha kwa nne ili wapate mapigo ya dakika moja.

Uwanja ulinyamaza, watoto arobaini wameinamisha vichwa juu ya mikono yao. Geneviève aliwatazama. Alijua ni jambo zuri la kutazama.

Wakakimbia vikundi kwa vikundi, watoto watano watano, mzunguko mmoja. Wengi walimaliza kwa sekunde sabini na tano au themanini, na papo hapo wakaanza kugawanya, mita mia tatu kwa sekunde sabini na tano, mita nne kila sekunde. Katika kikundi cha nne kulikuwa na msichana wa miaka kumi na tatu, jina lake Divine, mwembamba, aliyekuja na mama yake kutoka upande wa Komanda mwaka uliopita. Alikimbia nusu ya njia, akatembea iliyobaki. Alifika kwa sekunde mia mbili. Mbusa, ambaye siku nyingi alimwona mvivu na mara kadhaa alikuwa amempa adhabu ya kuokota takataka huku wenzake wakicheza, alimwambia mbele ya wote kwamba hata bibi yake mzaa mama angemshinda. Watoto wakacheka. Divine alikuwa ameinama, mikono magotini, akivuta hewa kwa mdomo.

Wakapima mapigo tena mara baada ya mbio, tena baada ya dakika mbili, tena baada ya dakika tano. Kengele ikalia, wakakusanya karatasi.

Geneviève alisahihisha mchana ule ule, darasani, baada ya watoto kuondoka. Namba za vikundi vya kwanza zilipanda na kushuka kama alivyotarajia: karibu themanini wakiwa wamekaa, karibu mia na sabini baada ya mbio, karibu mia na kumi baada ya dakika tano. Kwenye karatasi ya kikundi cha nne mkono wake ulisimama. Mstari wa Divine ulianza na mapigo themanini, kisha mia na themanini na nne. Baada ya dakika mbili, mia na sabini na mbili. Baada ya tano, mia na sitini na nne. Moyo wa mtoto huyu ulipanda kama wa wenzake lakini haukutaka kushuka. Akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Pale palipoandikwa ishirini, hesabu ya sekunde kumi na tano, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe. Chini yake iliweza kusomeka ishirini na tisa.

Ishirini na tisa mara nne ni mia moja na kumi na sita. Mtoto aliyekaa dakika tano bila kufanya kitu.

Asubuhi alimwita kiongozi wa kikundi, kijana aitwaye Chance, akamuuliza nani aligusa ile namba. Chance hakuficha.

“Ni miye, Madame. Ile namba yake ilituharibia moyenne, ile wastani. Siye wote tulikuwa chini ya makumi tisa, yeye peke yake juu. Tulisema alihesabu mubaya.”

“Mulihesabu tena?”

“Hapana, Madame.”

Geneviève alimwambia arudi kukaa. Hakumgombeza. Akamwita Divine nje kwenye baraza, akamkalisha, akasubiri dakika tano nzima, kisha akamshika mkono. Safari hii alihesabu dakika kamili, kwa maana ukikosea pigo moja katika sekunde kumi na tano unakosea manne katika dakika. Alipata mia moja na kumi na nane. Mapigo yalikuwa mepesi na ya haraka chini ya vidole vyake, kama kuku aliyeshikwa. Akaona pia kwamba vifundo vya miguu ya mtoto vilikuwa vimevimba kidogo juu ya viatu.

“Unachokaga hivi tangu lini?” aliuliza.

“Tangu zamani, Madame. Nikipanda kilima, ninasimama. Usiku ninalalaka nimekaa.”

“Juu ya nini hukusema?”

Divine aliangalia chini. “Prof Mbusa alisema ni uvivu. Nilifikiri uvivu ndiyo iko hivi.”

Geneviève alijua kwamba hapo mtu mwingine angeumia moyoni. Alingoja kidogo kuona kama ataumia, kisha akaenda kwa direkta kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali.

Mbusa alikuwa ofisini. Aliisoma karatasi mara mbili, akauliza kama hakuna makosa ya kuhesabu, na Geneviève akamwambia amehesabu mwenyewe. Mbusa alikaa. Kisha akainuka akatafuta motari, dereva wa pikipiki, wa kuwapeleka, na yeye mwenyewe akaenda kwa miguu kumwita mama wa mtoto sokoni.

Hospitalini walisubiri kwenye benchi hadi saa sita. Mama Divine alifika akitoka kuuza unga wa mihogo, kitambaa cha kazi bado kiunoni, unga hadi kwenye viwiko. Alizungumza bila kukoma, ya barabara ya Komanda, ya usiku waliolala porini, ya koo lililomuuma Divine alipokuwa mdogo na viungo vilivyovimba baadaye vikapona vyenyewe. Geneviève alisikiliza. Kisha mama akamuuliza, kama wanawake wanavyoulizana, yeye ana watoto wangapi.

“Mumoja,” alisema Geneviève. “Adrien. Alikufa mu njia.”

Katika miaka mitatu Bunia hakuwa amelitaja jina lile mbele ya mtu asiyekuwa ndugu. Lilitoka kama jina lolote. Mama Divine alimshika mkono akaacha kuzungumza, na mkono ule wenye unga ulikaa juu ya mkono wake mpaka walipoitwa.

Daktari alisikiliza kifua cha Divine kwa muda mrefu, akamgeuza, akasikiliza tena. Baada ya kumpiga picha ya moyo kwa mashine, aliwaeleza taratibu. Yale maumivu ya koo ya zamani yalikuwa yameacha ugonjwa katika moyo. Mlango mmoja wa moyo haufungiki vizuri, damu inarudi nyuma, na moyo unapiga mbio ili kufidia. Atapewa dawa za kupunguza maji mwilini, na sindano ya penisilini kila majuma manne, kwa miaka mingi, bila kuruka hata moja. Kupona kabisa kunahitaji upasuaji, na upasuaji huo haufanywi Bunia. Akauliza nani alishuku kwanza. Geneviève akamwonyesha karatasi ya kikundi cha nne. Daktari aliangalia zile namba nne zilizopangwa kwa mstari, akaomba abaki nayo kwenye faili.

Jioni alimsimulia Dorothée. Dorothée alilia kwa ajili ya mtoto asiyemjua, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Geneviève alimsubiri amalize, kisha akasonga ugali.

Wiki iliyofuata, kabla ya kuanza somo, Mbusa aliomba kusema. Alisimama mbele ya darasa la nane na kusema kwamba alimwita Divine mvivu bila kupima, na kwamba mwalimu anayefanya hivyo amekosa. Alisema haraka, akatoka. Watoto hawakujua waangalie wapi.

Geneviève aliandika ubaoni namba tano za kikundi cha nne: themanini, themanini na nne, sabini na sita, themanini na nane, mia moja na kumi na nane. Wakapata wastani, themanini na tisa nukta mbili. Aliwauliza ni wangapi kati ya wale watano wako karibu na namba hiyo. Chance alisema mmoja tu. Basi akawafundisha kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ile ya katikati, themanini na nne, ambayo haivutwi na namba moja ya mbali.

“Sasa ile ya mia moja na kumi na nane tuitoshe, tuifute?” Chance aliuliza.

“Hapana,” alisema Geneviève. “Inabaki. Tunaandika kando yake ni ya nani, na tulihesabu mara ngapi.”

Divine alirudi shuleni baada ya sindano ya pili. Miguu yake ilikuwa imepungua uvimbe, na aliweza kulala chali, mto mmoja tu. Mbio alikatazwa. Siku ya mazoezi Mbusa alimpa kronometa na daftari, na Divine akakaa kwenye kiti mwanzoni mwa mstari, akisema anza na simama kwa sauti ndogo ambayo wenzake ilibidi wanyamaze ili waisikie. Geneviève alisimama upande wa pili wa uwanja, akishikilia ncha ya kamba.