Makato ya Safina

Mimi ni wakala wa pesa za simu sokoni Kasulu. Kosa la Safina nalijua, kwa kuwa lilipita mikononi mwangu.

Safina anauza mawese. Huwapakilia wateja wake wa Kibondo madumu kwenye gari la asubuhi, nao humtumia elfu ishirini kwa kila dumu. Mwaka jana mteja mmoja alipokea dumu, kisha akaomba muamala urudishwe, ati amekosea namba, na hela ikarudi kwake. Tangu hapo Safina akaiogopa hela ikikaa kwenye simu. Kila meseji ikiingia, humpa simu wifi yake Zuhra: nenda katoe sasa hivi.

Zuhra alikuwa akija kwangu mara sita kwa siku. Ishirini ikiingia, makato ya kutoa ni elfu moja na mia tano, nampa kumi na nane na mia tano. Kila akija, mimi napata kamisheni. Nilikaa kimya. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Safina yeye alihesabu meseji za kuingia tu. Sita, laki na ishirini. Bosi wa mawese Ujiji anadai laki, kwa hiyo ibaki ishirini. Jioni anakuta elfu tisa na mia nane. Zuhra akamwambia ni makato, hakumsikiliza. Jumamosi moja akampekua kanga, akamwita mwizi mbele ya soko zima. Zuhra akafunga kanga zake akarudi kwao Kitanga.

Wiki iliyofuata Safina alikuja kutoa mwenyewe. Nilipompa kumi na nane na mia tano, akaniuliza nyingine iko wapi. Nikamfungulia meseji za kutoa, zote zilikuwa humo humo kwenye simu yake. Mara sita kwa siku, elfu tisa. Kisha Zuhra aliiweka tena laki na ya makato kwenye simu, kuweka ni bure, akaituma Ujiji kwa makato ya elfu moja na mia mbili. Jumla elfu kumi na mia mbili, hela ile ile aliyoitafuta kwenye kanga za wifi yake. Angeiacha kwenye simu akatuma laki moja kwa moja, salio lingebaki kumi na nane na mia nane. Akilitoa lote kwa mkupuo, anakatwa elfu moja na mia nne, anashika kumi na saba na mia nne.

Safina alikaa chini pale pale, akalia.

Alimpigia Zuhra mbele yangu, akaomba radhi. Sauti ya Zuhra niliisikia vizuri, ilikuwa ya upole.

“Wifi, nimekusamehe. Lakini nilikuwa na mchumba hapo sokoni, naye alisikia ulivyoniita. Jana ametoa posa kwingine.”

Safina akanitazama. Akaniuliza kwa nini sikusema.