Kikuku cha Farasi, Punda wa Lugari

Wenzangu walihitimu, nikabaki peke yangu katika chumba cha kupanga mtaani Shirere, karibu na chuo. Nilikula ugali huku kitabu kimeegemezwa kwenye sufuria, nikibishana na mwandishi kwa sauti kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kubishana naye. Tasnifu yangu ya historia ilikuwa imerudishwa mara mbili. Ikirudi tena, ningerudia mwaka.

Nilidai kwamba kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko la farasi, hakikubadilisha vita kama vitabu vinavyosema. Warumi na Waparthi wa Uajemi ya kale walipigana wakiwa juu ya farasi bila kikuku. Mhadhiri wangu aliandika pembeni: "Unapinga tu. Umewahi kupanda?"

Nikakumbuka tandiko kuukuu lenye vikuku ghalani kwa mjomba, anayelima mahindi Lugari kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Nikampigia simu.

"Kikuku?" akacheka. "Mpwa wangu, miaka yote hiyo chuoni, leo unatafuta ingokho ndogo, kuku mdogo?"

Jumamosi tulimtandika punda wake. Kwanza nilipanda bila kukanyaga vikuku, nimembana kwa mapaja. Nilipopiga fimbo upande kwa nguvu, pigo langu mwenyewe liliniangusha.

"Inuka, jenerali! Adui hajafika bado!"

Nikapanda tena, miguu ndani ya vikuku. Sasa nilisimama, uzito ukiwa nyayoni. Nilipiga kulia na kushoto, nikageuka hata nyuma, kama wapiga mishale wa nyika za Asia. Kisha mjomba akanisukuma kifuani kwa mpini wa jembe aliouzungushia gunia, kuiga kishindo cha mkuki unapomgonga adui. Hapo vikuku havikunisaidia sana. Kilichonizuia ni ukingo wa nyuma wa tandiko. Kumbe aliyeshambulia kwa mkuki alihitaji tandiko lenye ukingo mrefu nyuma kuliko alivyohitaji kikuku.

Niliandika upya wiki nzima bila kuzungumza na mtu. Vikuku vya jozi vilianza Uchina, Waavari kutoka nyika za Asia wakavifikisha Ulaya. Mpanda farasi akawa imara zaidi, na wafalme wakamtaka. Lakini farasi hula nafaka, deraya za chuma ni ghali, mafunzo huanza utotoni. Basi wafalme wakawapa wapiganaji ardhi ili wawatumikie vitani, na wakulima wa ardhi hiyo wakawalisha. Ila wafugaji wa nyika walikuwa na vikuku hivyo hivyo, na hawakugawa ardhi namna hiyo. Chuma kiliwapa watawala nafasi. Jinsi ya kuitumia waliamua wenyewe.

Kwenye utetezi wa tasnifu mhadhiri aliuliza, "Habari ya tandiko umeipata wapi?"

"Nilianguka kutoka kwa punda, mwalimu."

Jopo zima likacheka. Nilipita. Nje nilitoa simu nimwambie mtu. Mjomba alikuwa shambani, simu yake imezimwa. Niliyapitia majina ya wenzangu, mengine yakiwa na picha za miji nisiyoijua, kisha nikairudisha simu mfukoni bila kumpigia yeyote.