Chumba cha Nne na Mstari Uliosema Hakuna

Wanaomjua Mama Pindo watakwambia mdomo wake unakata kuliko mkasi wake, na hawamsingizii. Lakini ukali hauji bure. Miaka kumi na tisa alishona kwenye kibaraza cha soko, mvua mgongoni, vumbi usoni. Halmashauri ilipojenga vyumba sita vya mafundi mahali palepale, alijiandikisha kuomba chumba cha nne, chenye dirisha la barabarani, akaanza kupima kwa macho mahali pa kuweka cherehani. Kamati ya soko ikakaa. Chumba kikaenda kwa shemeji yake mwenyekiti wa kamati, mdogo wa mke wake, mwenye miaka miwili tu kibarazani. Mama Pindo akapata barua ya kushukuriwa kwa kuomba.

Aliguna miezi mitatu. Aliwagunia wateja, akawagunia wapita njia, na nguo alizoshona siku hizo zilikuwa na mishono iliyobana kama kinywa chake. Mpaka siku moja karani wa halmashauri, binti aliyeleta sketi ipunguzwe, akachoka kusikiliza.

"Shangazi, huku unapata pole tu. Ukitaka chumba, njoo ofisini uombe daftari la maslahi."

"Daftari la nini? Mimi kusoma sijui."

"Nitakusomea. Ni la kila mtu, si siri. Kila kiongozi anaandika humo ana mali gani, biashara gani, na ndugu zake wanaofanya kazi na halmashauri."

Kesho yake asubuhi Mama Pindo alikuwa mbele ya meza ya karani, kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Karani akafungua jalada, akapita kidole, akasoma: mwenyekiti wa kamati ya soko, tamko la Januari. Shamba moja. Nyumba mbili. Dada wa mke, fundi cherehani, sokoni.

"Kwa hiyo aliandika," Mama Pindo akasema, na moyo ukamshuka. "Basi amejisafisha."

"Subiri, shangazi." Karani akavuta jalada jingine, la kumbukumbu za vikao. "Hiki ndicho kikao cha Aprili, cha kugawa vyumba. Agenda ya pili: wajumbe kutangaza maslahi. Sikia kilichoandikwa."

"Nini?"

"Hakuna."

Mama Pindo akakaa bila kukaribishwa. Karani akamweleza polepole. Tamko la mwaka ni jambo moja. Kikao ni jambo jingine. Likifika mezani jambo linalomgusa ndugu yako, unasimama, unasema, unatoka, na mlango unafungwa nyuma yako. Huyu hakusema wala hakutoka. Aliongoza kikao, akapiga na kura.

"Alikaa?"

"Alikaa. Kura nne kwa tatu."

Ndipo damu ikamchemka Mama Pindo, safari hii kwa furaha. Siku hiyohiyo malalamiko yake yaliandikwa, naye akaweka dole gumba kwa nguvu hata wino ukaruka mezani.

Mwanasheria wa halmashauri, mzee wa suti moja ya kijivu, alimwita wiki iliyofuata.

"Mama, usianze kushangilia. Uamuzi haufi wenyewe kwa sababu mtu alinyamaza. Unasimama mpaka ufutwe."

"Na ukifutwa, chumba changu?"

"Chumba si chako. Kamati inakaa upya bila yeye, na yule dada naye ana haki ya kusikilizwa. Yeye hakuvunja kanuni yoyote. Vyumba vingine vitano havikumgusa mwenyekiti, hivyo havitikisiki."

"Na yeye mwenyewe?"

"Hayo ni ya kamati ya maadili. Wanaweza kumpa onyo kali kuliko yote, na wewe ukabaki kibarazani."

Mwenyekiti alijitetea mbele ya baraza zima la halmashauri. Alisema tamko lake la Januari liko wazi, na hata kura yake ikitolewa ni tatu kwa tatu, hakuna aliyeshinda. Mwanasheria akamjibu kwamba hawahesabu kura yake tu, wanahesabu na kiti alichokalia, maana anayeongoza huvuta na kura za wenzake. Baraza likafuta uamuzi wa chumba cha nne.

Siku ya kikao kipya, Mama Pindo alikaa kwenye benchi la wananchi, bahasha ya leseni zake kumi na tisa mapajani. Shemeji wa mwenyekiti akaketi pembeni yake.

"Umenifanya niitwe mwizi sokoni, dada," akasema chini chini.

"Mimi nimemwita shemeji yako. Wewe umejiitikia."

Makamu mwenyekiti, mwanamke wa miwani, akaanza: kuna mwenye maslahi? Mwenyekiti akasimama, akasema neno linalomhusu, akatoka. Wamebaki sita. Mama Pindo akashusha pumzi. Lakini yaliyompata mwenyekiti yalikuwa yamewatia wengine woga, na mkono ukainuka.

"Mimi Mama Pindo ananishonea suruali."

"Na mimi sare za watoto."

"Hata hili shati."

Mwanasheria, aliyekaa pembeni kuwashauri, akainua kiganja. "Waheshimiwa, kila aliyeshonewa akitoka, kikao kitaongozwa na viti. Mteja anayelipa kama wateja wote hana maslahi. Kaeni."

Watu wakacheka. Kisha mwalimu mstaafu, aliyempigia Mama Pindo kura mara ya kwanza, akasimama taratibu.

"Mimi alinishonea gauni la kustaafu. La bure. Nililiandika kwenye daftari la zawadi."

Mwanasheria hakucheka. "Hapo, mwalimu, utupishe."

Mama Pindo akaona mlango ukifungwa nyuma ya kura yake. Wamebaki watano, akidi ni wanne, kikao ni halali. Lakini watatu walikuwa wa upande ule, na wawili wa kwake. Gauni aliloshona kwa shukrani, kwa mtu aliyemfundishia mwanawe, ndilo sasa lilikuwa linamfungia chumba.

"Tusome vigezo," makamu akasema.

Karani akasoma: miaka ya kufanya kazi mahali hapo, leseni zisizokatika, utunzaji wa mazingira. Shemeji akasikilizwa, akaonyesha leseni mbili. Mama Pindo akazipanga zake mezani moja moja, na ilibidi wasogeze vikombe ili zienee.

Muuza rangi, mmoja wa wale watatu, akaziangalia muda mrefu.

"Hivi vigezo Aprili vilisomwa?"

"Havikusomwa," karani akasema. "Imeandikwa: mwenyekiti alitoa maelezo."

"Nakumbuka. Alisema huyu mama ni mgomvi, hawezi kukaa na wenzake. Mimi nilikuwa nimekaa na mwenyekiti bega kwa bega. Ungefanyaje?" Akakuna kichwa. "Mgomvi ni mgomvi kweli. Lakini hapa sioni kigezo cha upole."

Mikono ikainuka. Tatu kwa mbili. Muuza rangi alikuwa wa tatu.

Mama Pindo hakupiga vigelegele. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akauliza: "Funguo?"

"Barua kwanza," mwanasheria akamjibu. "Na mwenzako anapewa siku kumi na nne za kuhama."

"Siku kumi na nne za nini, na leseni zote hizi?"

"Mama."

Mama Pindo akamgeukia shemeji, ambaye macho yake yalikuwa yamejaa machozi asiyotaka yaonekane. Alikuwa na tusi tayari, la miezi minne, limeiva. Likamkwama.

"Lile kabati lako zito," akasema mwishowe, kwa ukali uleule. "Usilibebe peke yako. Ukilidondosha utanivunjia sakafu."