Mdomo wa Hondohondo

Studio yetu ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya kupanga Njiro, miaka ile kila mwenye kompyuta alipojiita mtengeneza filamu. Mwenzangu alirekodi sauti, mimi nilichora katuni. Niliipenda kazi ile kuliko chakula.

Kwaya ya kina mama ya Nkoaranga ilitaka video ya wimbo wao. Nikamchora hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, nikamtia mifupa ndani ya kompyuta ili wimbo wenyewe umchezeshe: ukubwa wa sauti ufungue mdomo, mdundo mzito wa ngoma utanue kifua, na sauti nyembamba za juu zibadilishe rangi ya mbingu. Mwenzangu aliuita uvivu. Mimi niliuita akili.

Tatizo lilikuwa karibu na mwisho wa wimbo. Kwaya na ngoma zinanyamaza, kisha bibi mmoja, aliyekuwa ametoka kuugua kifua, anaanza ubeti wa mwisho peke yake, kwa sauti nzito lakini ndogo. Siku ya kurekodi kanisani mvua ilipiga bati. Kwenye kimya kile hondohondo wangu hakunyamaza. Mdomo ulitetemeka kama wa mgonjwa wa malaria. Alikuwa anaimba mvua!

Nikaweka kiwango, sauti yoyote iliyo chini yake isihesabiwe. Mdomo ukatulia. Lakini bibi alipoanza, ukabaki umefungwa vilevile. Sauti yake haikuishinda mvua.

“Tumchukue binti mwingine aimbe ubeti huu, tuupachike,” mwenzangu akasema. “Nani atajua?”

“Bibi atajua.”

“Bibi mwenyewe kasema hakutoa sauti vizuri, na tangu siku ile haendi tena mazoezini.”

Nikakasirika, nikamwambia akanywe chai. Nilipobaki peke yangu nikaona ujinga wangu: nilikuwa nimeusikilizisha mdomo kila kitu kwa pamoja. Mchakacho wa mvua umejaa zaidi kwenye sauti nyembamba za juu. Bibi yuko kwenye sauti nzito za chini. Nikaupa mdomo kipande cha sauti za chini tu, kile kilicho juu kidogo ya mdundo wa ngoma, nikashusha na kiwango. Sauti za juu nikaiachia mbingu kama mwanzo.

Nikabonyeza. Kimya kikaja, mdomo ukafungwa, mbingu ikametameta kwa mvua. Bibi akaanza, na mdomo ukafunguka kidogo, neno kwa neno. Nilipiga ukelele, mwenzangu akaja mbio na kikombe mkononi, naye akacheka.

Tulipowaonyesha kina mama kule Nkoaranga, ukumbi ulijaa vicheko. Ukafika ubeti wa mwisho. Bibi alikuwa amekaa jirani yangu. Mdomo ulipofunguka, alinishika mkono.

“Mwanangu, huyo ni mimi?”

“Ni wewe, bibi. Sauti yako ndiyo inayomfungua mdomo.”

Alitazama mpaka picha zikaisha, akajifuta macho kwa khanga, kisha akamgeukia mwalimu wa kwaya.

“Jumamosi mazoezi yanaanza saa ngapi?”