Siku Tuliyopima Joto la Jua Changamwe

Nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia katika shule moja Changamwe, miaka michache kabla ya uhuru, na nilikuwa nimejitia kidole jichoni mwenyewe. Kwenye mkutano wa walimu nilisema kwamba wazazi watakapokuja kuitembelea shule, wanafunzi wangu watapima joto la jua mbele ya macho yao.

Baba yangu, mfanyabiashara wa nguo aliyetaka niketi naye dukani, alicheka habari hizo zilipomfikia Jomvu Kuu.

"Nambia, mwanangu. Kitu hujakifikia, wakipimaje moto wake?"

"Kwa rangi yake, baba. Chuma cha mhunzi kwanza huwa chekundu, kikizidi moto huwa cha manjano, kisha cheupe. Na jua ni nyota, lafuata kanuni hiyo hiyo."

"Haya. N'takuja nione, inshallah."

Siku iliyotangulia ziara tulifanya jaribio. Tuliziba madirisha ya maabara kwa mablanketi, tukaacha ufa mwembamba. Kioo kilichowekwa nje kilirusha mwali wa jua ndani, ukapita kwenye mche wa kioo wenye pande tatu, na ukutani ukatandazika ukanda wa rangi, kutoka zambarau hadi nyekundu. Mwanafunzi mmoja alikisogeza polepole kwenye ukanda huo kipokea-joto chetu, kijiti cha metali kilichopakwa masizi ili kisirudishe mwanga. Kila kilipopata joto zaidi kilitoa umeme zaidi, na kidoa cha mwanga kwenye galvanometa, kipima-umeme kilichounganishwa nacho, kilikimbia mbali zaidi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kitu kinachong'aa kwa joto lake tu hutoa mawimbi ya kila urefu, lakini kuna urefu mmoja kinaoutoa kwa nguvu kuliko mingine. Joto likipanda, kilele hicho husogea kwenye mawimbi mafupi. Ukiupima urefu huo kwa sehemu za milioni za milimita, ukagawa milioni mbili na laki tisa kwa idadi hiyo, unapata joto kwa digrii, kuanzia sifuri kamili, yaani baridi isiyoweza kuzidi.

Kilele chetu kiliangukia nje ya nyekundu, pasipoonekana rangi yoyote. Tukagawa. Jua likatoka na digrii elfu tatu na mia saba. Vitabu vyote vilisema linakaribia elfu sita.

Wanafunzi walinitazama. Nikaipitia hesabu upya, jibu likawa lile lile.

Mwalimu wa hesabu, Mhindi mmoja mpole wa Port Reitz ambaye alipenda kuja kuchungulia majaribio yangu, aliukaribia ukuta na rula mkononi. Akapima bluu, akapima nyekundu, akageuka kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Bwana mwalimu, hebu tazama! Bluu imetanuka, nyekundu imebanwa. Kipokea-joto chako kina upana ule ule, lakini kwenye nyekundu kinakusanya mawimbi mengi zaidi kwa mara moja, ndiyo maana kilele kimevutwa huko."

Nilipiga ukelele. Kosa halikuwa la jua, lilikuwa la mche! Nikakimbilia kabatini nikatoa kioo chenye mistari myembamba iliyochorwa karibu karibu, ambacho hutandaza mawimbi kwa nafasi karibu sawa. Tukakiweka mahali pa mche, lakini wingu likafunika jua na halikuondoka hadi magharibi. Tuliagana bila kujua kama kingefaa.

Asubuhi wazazi walijaa. Jua lilitoka safi. Baba alikuwa mbele, kanzu yake ikimeremeta kwenye giza la maabara.

"Shikamoo, baba. Sogeza wewe," nikamwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Taratibu tu."

Alikishika kipokea-joto kwa vidole viwili, kama apimaye hariri, akaanza upande wa zambarau. Kidoa kikajongea. Bluu, kikaruka. Kwenye kijani kikakimbia mpaka wanafunzi wakaanza kupiga makofi. Akaendelea kwenye manjano.

"Lo! Charudi! Charudi nyuma!" akapaza sauti.

"Basi umekipita. Rudi kidogo."

Akarudi, akatulia. "Papa hapa, wallahi!"

Tulisoma urefu wa wimbi mahali hapo: mia tano na ishirini. Mwalimu wa hesabu aligawa ubaoni, chaki ikimkatikia mkononi: digrii elfu tano na mia sita, kasoro kidogo. Haikuwa hasa ile ya vitabuni, kwani hewa humeza sehemu ya mwanga na vifaa vyetu vilikuwa vya shule. Lakini chumba kizima kilipiga kelele kama tumefunga bao.

Baba hakukiachia kipokea-joto.

"Na ile nyota nyekundu ya kundi la Nge, nayo yapimika?"

"Mwanga wake ni hafifu mno kwa kifaa hiki. Lakini wekundu wake wenyewe watwambia kilele chake ki kwenye mawimbi marefu. Ni baridi kuliko jua, yapata elfu tatu na kitu."

"Baridi!" Akageukia wazazi wenzake, uso umemng'aa. "Mwasikia? Elfu tatu, na mwanangu aita baridi!"

Kisha akawataka wapange foleni, awaonyeshe yeye mwenyewe namna ya kusogeza.