Stopu ya Mwalimu Mstaafu

Mhudumu wa simu katika kampuni ya biashara ya fedha mtandaoni alijua simu ile ingekuja. Takwimu za ajira zilitangazwa saa tisa na nusu kamili. Pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza likatanuka, kisha bei ikaporomoka kufumba na kufumbua.

"Mwanangu," alisema mwalimu mstaafu, "niliweka stopu inifungie biashara nikipoteza pointi ishirini. Mbona imenifungia kwenye sitini?"

"Mwalimu, stopu haizuii bei kuruka. Inafunga kwa bei ya kwanza inayopatikana."

"Asubuhi mlinitumia ujumbe nisikose takwimu. Hilo mbona hamkuniambia?"

Ujumbe ule aliutuma mhudumu mwenyewe, kwa wateja wote, kwa amri ya bosi.

Simu ilipokwisha, bosi alikuwa nyuma yake akitafuna karanga. "Mwezi ujao utume mapema zaidi, wateja wajae. Pengo likitanuka ndipo tunapopata."

Mhudumu akamgeukia. "Nitautuma, lakini habari ya stopu iwemo."

"Basi atautuma mwingine."

Na kweli mwezi uliofuata aliutuma mwingine, neno kwa neno kama ule wa kwanza. Yeye alikuwa nyumbani, hana kazi, bado akijionea kinyaa, maana yule mwalimu alimshukuru kabla ya kukata simu.