Kopo Jeusi na Mkono wa Dada Yangu

Mpaka leo nikiliona lile kopo jeusi lenye picha ya mwanamume aliyetuna kifua, damu inanichemka. Ni la unga wa kriatini, linauzwa Kongowe, kwenye duka lililo jirani na jimu, si mbali na kwangu. Kwenye rafu wamebandika karatasi: nguvu, misuli. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu: kiharusi, ajali ya kichwa, kutetemeka. Nilimuuliza muuzaji nani kamwambia hayo. Akasema, "Ni utafiti, mama." Nikamuuliza utafiti gani, akainamia simu yake kuutafuta. Niliondoka kabla sijatamka maneno ambayo mtu mzima hayatamki dukani.

Kazi yangu ni mazoezi tiba. Niko hospitali moja hapa Kibaha, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasimamisha watu walioangushwa na kiharusi. Ni kazi isiyo na mvuto. Hakuna sindano, hakuna mashine inayolia. Unamwambia mtu mzima ashike kikombe, kinamponyoka, unamwambia ashike tena, na kesho hivyo hivyo. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Zile zilizobaki ndizo tunazozifundisha njia nyingine ya kuufikia mkono, na zinafundishika zaidi miezi ile ya mwanzo. Ndugu wa mgonjwa huwa wananitazama kwa adabu, wakisubiri dawa yenyewe ije.

Kisha kiharusi kikaingia kwetu. Kilimpata dada yangu kule Chole, Kisarawe, akiwa jikoni anamenya mihogo. Dada ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Mkono wake wa kulia ndio ulionisuka, ukanilisha, na ukanichapa pia, tena si kidogo. Alipotoka wodini mguu ulikuwa unaburuzika na mkono ule umelala mapajani kama kitu alichoazimwa. Hakuniuliza kama atalima tena. Aliniuliza kama ataweza kutia udhu mwenyewe.

"Nimechoka kuoshwa kama mtoto mchanga," aliniambia. "Nilishike birika, nijimiminie maji. Basi. Mengine namwachia Mungu."

Nikampangia kazi kwa vitu vya nyumbani mwake. Ungo mdogo apete choroko kwa mikono miwili. Kitambaa kibichi akamue. Birika tupu alishike, alinyanyue, kisha lenye maji kidogo, kisha zaidi. Kila siku, asubuhi na jioni, hata akilia. Nilimkabidhi mwanawe jukumu hilo. Ni kijana mwenye akili, ana kibanda cha kutengeneza simu pale pale kijijini, wanaishi nyumba moja, na anampenda mama yake kiasi cha kutia huruma. Akanipa mkono akasema, "Usijali, mama mdogo."

Zikaja wiki ambazo wenzangu wawili walikuwa masomoni, na mimi ndiye nikabaki wodini. Chole ikawa mbali. Nilipiga simu. Mazoezi yanaendaje? Vizuri, mama mdogo. Choroko je? Anapeta. Kumbe siku moja kijana alikuja kunisalimia Kibaha nikiwa zamu, akanikosa, na badala ya kunisubiri akapita pale dukani Kongowe. Hilo nililijua baadaye.

Nilipopata nafasi nilikwenda bila kuwaarifu. Dada alikuwa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, amevaa vizuri, amepakwa mafuta, anang'aa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na mkono ukabaki mapajani. Niliushika. Vidole vilikuwa vimeanza kujikunja na kukaza. Ungo ulikuwa umetundikwa ukutani, na buibui ameshajenga. Nikampima presha kwa mashine yangu, nikadhani imeharibika. Nikapima mkono wa pili. Haikuwa imeharibika.

"Kidonge cha presha amekunywa?"

"Kilisimamishwa kliniki," kijana akasema. "Walimpima damu wakaona figo zinachoka. Wakasema aache kile kimoja mpaka wamwangalie tena."

Mtu aliyepata kiharusi, presha ndiyo mlango ambao kingine kinaingilia. Nikauliza taratibu, maana nikiwa na hasira kali huwa nazungumza taratibu, anatumia kitu gani kingine.

"Hakuna dawa nyingine, mama mdogo. Ile lishe tu."

Akaingia ndani, akatoka na lile kopo. Alilibeba kwa mikono miwili.

Nitasema ukweli, nilipiga kelele. Majirani walitoka. Nilimwita majina ambayo sikuwahi kumwita tangu azaliwe. Alisubiri nimalize, halafu akanionyesha video kwenye simu. Panya kwenye gurudumu linalozunguka, mmoja anaanguka, mwenzake aliyelishwa kriatini anakimbia. Sauti ya kiume yenye uhakika inasema wanasayansi wamethibitisha: kriatini huupa ubongo nishati, huokoa chembe zake, kiharusi kwaheri. Mwisho namba ya kuagizia.

"Huyu anasema chembe zinalishwa," kijana akasema. "Nikaona nimchoshe mama na ungo wa nini, wakati ubongo unajijenga kwa ndani?"

Kinachoniuma ni kwamba video ile haikuwa uongo mtupu. Uongo mtupu ningeuvunja kwa neno moja. Kriatini ni kitu cha kweli, mwili wenyewe unaitengeneza, nyama na samaki wanayo, na misuli na ubongo huitumia kurudisha nishati haraka inapopungua. Anayenyanyua vyuma inamsaidia. Panya walioila kabla hawajasababishiwa kiharusi hawakuumia ubongo sana kama wenzao. Kabla! Nilimtupia kijana neno hilo usoni. Dada yangu ameanza kuinywa akiwa ameshaanguka, na kwa mtu mzima hata kuvuka kutoka kwenye damu kuingia ubongoni inavuka polepole na kwa uchache. Kwa binadamu wenye kiharusi hakuna aliyeonyesha kwamba inawarudishia mkono.

Na kutetemeka, ule ugonjwa wa Parkinson? Huko nako panya walifurahisha watu. Basi wakafanya kama inavyotakiwa: wagonjwa wengi, kwa miaka, baadhi wakapewa kriatini na wengine unga wa bandia usio na kriatini, hakuna aliyejua kapewa upi. Wakausimamisha utafiti huo kabla ya muda, kwa sababu waliokunywa kriatini hawakuwa na nafuu kuliko wenzao. Utafiti wa ugonjwa mwingine wa kurithi, ule unaomfanya mtu achezecheze viungo bila kutaka, nao uliishia hapo hapo. Walioumia kichwa ajalini ndio wana tumaini kidogo: utafiti mdogo kwa watoto na vijana ulionyesha dalili za nafuu, ila walikuwa wachache na walijua nani anapewa, kwa hiyo lazima urudiwe kwa wengi kabla mtu hajaandika kwa kalamu nyekundu dukani. Watafiti wenyewe waliyasema yote haya. Mkata video aliyaacha, akabaki na panya.

"Kwa hiyo ni sumu?" kijana akauliza. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

"Siyo sumu."

"Kwa hiyo haisaidii?"

"Kwa mama yako hakuna aliyethibitisha kwamba inasaidia."

"Sasa mama mdogo, yule anasema inasaidia, wewe unasema haijathibitishwa. Mimi ningefanyaje?"

Swali hilo likazidi kunikasirisha. Ukweli wangu ulikuwa dhaifu mbele ya sauti ile ya kiume. Hauna namba ya kuagizia.

Jumatatu nilimpeleka dada kliniki pamoja na mwanawe, kopo nimelitia kwenye mfuko. Daktari, mwanamke kijana aliyechoka na foleni ndefu, alilitazama kopo, akalitazama faili, akafumba macho kidogo.

"Nilimuuliza huyu kijana kama mama yake anatumia dawa nyingine," akasema. "Za dukani, za kienyeji. Akasema hakuna."

"Uliuliza dawa," kijana akajibu kwa sauti ya chini. "Hii ni lishe."

Daktari hakumfokea. Alimweleza kwamba kriatini ikishatumika mwilini hugeuka kuwa takataka iitwayo kriatinini, na hiyo ndiyo wanayoipima kukisia kazi ya figo. Ukinywa unga, kipimo kinaweza kupanda na figo zisiwe na shida yoyote. Kwa kuwa kile kidonge cha presha nacho wakati mwingine hukipandisha kipimo hicho, alisimamisha kidonge kwa tahadhari. Mimi pia ningekisimamisha. Akarudisha kidonge, unga ukaachwa, akatupa tarehe ya kupima tena. Tuliporudi kipimo kilikuwa kimeshuka na presha imetulia. Figo za dada zilikuwa salama kabisa. Kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi alikaa bila kidonge chake kwa sababu ya unga wa wanyanyua vyuma, na kama kiharusi cha pili kingemchukua tungesema siku zake zimefika.

Siku ile tuliporudi nyumbani na kile kidonge, dada alikaa kwenye kiti chake akatusikiliza tukiendelea kuvutana, mimi na mwanawe, mpaka akachoka.

"Mnabishana juu ya kichwa changu kama sipo," akasema. "Wewe unayejua, niambie mimi. Ungo ule utanirudishia mkono?"

"Sehemu," nikasema. "Siahidi wote. Tungekuwa hatujapoteza wiki hizi ningeahidi zaidi kidogo."

"Na huo unga?"

"Sijui mtu yeyote anayeweza kukuahidi kwa haki."

Alimtazama mwanawe. "Alikuwa ananikorogea kwenye uji kila asubuhi," akaniambia, "anakaa hapo ananitazama ninywe mpaka mwisho. Wewe ukija unaniliza. Unadhani mtu anachagua kipi?" Halafu akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea ukutani. "Haya, leteni huo ungo."

Kijana akautungua, akafuta utando wa buibui kwa shati lake. Choroko zilimwagika sakafu nzima siku hiyo, na akaziokota zote akiwa amepiga magoti. Tangu hapo hajakosa asubuhi wala jioni. Vile vidole nimevinyoosha kwa maumivu makubwa, yake na yangu. Mguu umekuwa mzuri, anakwenda msalani peke yake. Mkono wa kulia unashika kitambaa, unashikilia ukingo wa ungo, unasukuma mlango.

Birika lenye maji hauliwezi. Tumejaribu na bado tunajaribu, lakini mimi nimeshawaona wengi, najua mkono uliofika ukomo wake unavyokuwa. Kama wiki zile zingeleta tofauti sitajua kamwe, na siwezi kudai ninachokataza wengine kudai bila ushahidi. Hasira yangu haijali hilo. Nikiwa kule Chole adhana inapolia, mwanawe huacha simu aliyoifungua, hukunja suruali, hushika birika. Anammiminia mama yake kidogo kidogo, mkono, uso, miguu, hata tone halimwagiki kwenye nguo. Dada hufumba macho, hanitazami. Huwa natoka nje, kwa sababu kijana anammiminia vizuri mno, na birika lile lilikuwa la kushikwa na dada.